Tupeane uzoefu: umewahi kutumiwa skrinshoti ya bili ya wingu kwa lugha usiyoijua?

Dogo_wa_Bekendi (Mwanza)
Wakuu, naanza na aibu yangu ili nanyi mfunguke. Nina miezi saba kazini. Kuna mteja yuko Lubumbashi, akaunti yake ya AWS ni ya majaribio na konsoli yake iko kwa Kifaransa. Tarehe 11 asubuhi kanitumia skrinshoti tatu WhatsApp na neno moja tu: "Urgent". Kifaransa changu kinaishia bonjour.

Ya kwanza ilikuwa tahadhari ya bajeti. Bajeti dola 100, kizingiti asilimia 80, na chini yake namba mbili: `Réel 37,86` na `Prévu 113,58`. Mimi nikashika ile kubwa. Ya pili ilikuwa mstari wa bili, `NatGateway-Hours`, umeandikwa `720,000 Hrs`. Nikasoma saa laki saba na elfu ishirini. Jasho! Nikampigia, nikamwambia ameshatumia dola 113 na kuna kitu kinazunguka maelfu ya saa, labda kadukuliwa. Mzee wa watu akaenda kufunga kadi yake benki.

Ya tatu ilikuwa ukurasa wa NAT Gateway, ule mlango wa kutokea intaneti kutoka mtandao wa ndani, orodha tupu. Yaani bili ipo, kitu hakipo. Nyie mngeanzia wapi?

Mama_Terminali (Dar)
Pole mdogo wangu. Mimi skrinshoti ya lugha ngeni naanza na vile visivyotafsirika. Msimbo wa kanda, vitambulisho vinavyoanza na `nat-`, `vol-` au `i-`, na majina ya matumizi kama hilo `NatGateway-Hours`. Hivyo viko vilevile kwa Kijapani, Kijerumani na Kifaransa. Maneno nayaacha mwisho.

Halafu mkato. Kwa Mfaransa mkato ni nukta ya desimali. `720,000` ni mia saba ishirini kamili, zile sifuri tatu ni desimali. Ukiwa na shaka usikisie, zidisha. Mstari huo lazima ulikuwa na bei ya saa na jumla. Niandikie.

Dogo_wa_Bekendi
Bei 0.045 kwa saa, jumla `32,40 USD`. Kuna mstari mwingine `NatGateway-Bytes`, `41,318 GB`, bei 0.045, jumla `1,86 USD`.

Mama_Terminali
Basi 720 mara 0.045 ni 32.40. Imekubali. Ingekuwa laki saba na ushee, ungedaiwa dola zaidi ya elfu thelathini na mbili. Na 41.318 mara 0.045 ni 1.86, kwa hiyo ni gigabaiti arobaini na moja na kitu, si elfu arobaini na moja. Jumla ya mstari ndiyo inayokuambia mkato unamaanisha nini.

Kamanda_Kubuntu (Nairobi)
Hapo rahisi. Saa 720 ni mwezi mmoja wa siku 30. Mteja ana NAT Gateway moja imekaa mwezi mzima. Futa hiyo, maneno yameisha.

Mama_Terminali
Kamanda, hesabu yako nzuri lakini angalia tarehe. Skrinshoti ni ya tarehe 11 asubuhi. Siku kumi zilizopita zina saa 240. Ukipata 720 ndani ya saa 240 za saa ya ukutani, ziko tatu zinatembea kwa pamoja. Mtu alijenga mtandao kwa kiolezo kinachoweka moja kila eneo ndani ya kanda. Gawanya saa za bili kwa saa zilizopita tangu tarehe 1, unapata idadi hata kama orodha huioni.

Kamanda_Kubuntu
Eeh, hapo umenikamata. Tarehe sikuiangalia.

Ndugu_wa_Katanga (Lubumbashi)
Mie niko kulekule kwa huyo mteja wenu, na Kifaransa nimesomea. Ndugu, `Réel` ni zile zilizokwisha kutumika. `Prévu` ni makisio ya mwisho wa mwezi kama mambo yataendelea hivi. Ile tahadhari ilipigwa kwa makisio, ndiyo maana imelia wakati pesa ya kweli bado haijafika 40.

Lakini msidhani sisi wa Kifaransa tuko salama. Miaka miwili nyuma nilitaka kupunguza gharama za seva moja. Kwenye menyu kuna `Arrêter` na kuna `Résilier`. Huku kwetu résilier ni neno la mkataba: una-résilier laini ya simu, una-résilier intaneti ya nyumba. Nikajua nasitisha malipo tu, seva itabaki. Kumbe pale ndiyo `Terminate` ya Kiingereza. Seva ikaenda, na diski yake ya mfumo ikaenda nayo, maana diski hiyo kwa kawaida imewekwa ifutike pamoja na seva. Kazi ya wiki tatu. Lugha yangu mwenyewe ndiyo ilinidanganya.

Dogo_wa_Bekendi
Daah. Kwa hiyo hata kujua lugha haitoshi.

Bekipaka (Nairobi)
Mimi yangu ni ya chuo. Niliweka bajeti ya dola 10 nikajua ikifika hapo inakata, kama tokeni za stima. Inakata giza linaingia. Kumbe ni barua pepe tu. Nililala na database inakimbia, nikaamka barua zimejaa na bili inaendelea kupanda. Sasa Dogo, kwa nini huyo mteja asiweke tu bajeti ndogo zaidi ijizime?

Mama_Terminali
Bekipaka, umejijibu mwenyewe. Tahadhari ni kengele, haishiki swichi. Ipo njia ya kuifungia kitendo, kama kusimamisha seva za EC2 au kuzuia ruhusa, lakini NAT Gateway haina kitufe cha kusimamisha. Ipo au imefutwa. Na data za bajeti hazisasishwi papo hapo, zinachelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo hata kengele inalia ukiwa umeshapita.

Turudi kwa orodha tupu. Dogo, kule juu kulia kwenye ile skrinshoti ya tatu kumeandikwa nini?

Dogo_wa_Bekendi
`Europe (Paris)`.

Mama_Terminali
Na kwenye bili, huo mstari uko chini ya kanda ipi?

Dogo_wa_Bekendi
Ngoja… `États-Unis (Virginie du Nord)`. Aisee! Nilisoma hiyo "Virginie" nikadhani ni jina la mtu aliyefungua akaunti.

Mama_Terminali
😂 Huyo dada ni `us-east-1`. Konsoli inaonyesha kanda moja kwa wakati mmoja, bili inaonyesha zote. Mteja alikuwa anaangalia Paris, vitu viko Virginia. Mtego mwingine: ukifungua Cost Explorer, NAT Gateway haiko kwenye VPC, imewekwa kwenye kundi la `EC2-Other`. Watu wanakimbilia orodha ya seva, hawaoni seva hata moja, wanasema bili ina makosa. Mwombe ruhusa ya kusoma tu, ukimbize hii:

```
aws ec2 describe-nat-gateways --region us-east-1 \
  --filter Name=state,Values=available \
  --query 'NatGateways[].[NatGatewayId,SubnetId,CreateTime]'
```

Terminali haina Kifaransa.

Shangazi_wa_Köln (Ujerumani)
Mimi natumia Azure kwa Kijerumani na nimeliwa hela kwa neno moja. Nilikuwa naingia ndani ya mashine, napiga `sudo shutdown`, naondoka zangu. Portal inaandika `Beendet`, maana yake imekwisha. Nikaridhika. Mwisho wa mwezi bili ya mashine ni ileile. Kumbe kuna `Beendet` na kuna `Beendet (Zuordnung aufgehoben)`. Ya kwanza mashine imezima lakini kiti chake bado umekikodi, kompyuta unailipia. Ya pili kiti kimerudishwa, unabaki kulipia diski. Sasa ukimtumia mtu skrinshoti ya simu, jedwali limebanwa, yale mabano hayaonekani kabisa! Siku hizi nazima kwa `az vm deallocate`.

Bekipaka
Kwa hiyo hata AWS nikisimamisha seva bado nalipa?

Shangazi_wa_Köln
AWS si mtaa wangu.

Mama_Terminali
Kompyuta hulipi, diski unalipa kama kawaida.

Mpemba_Tokyo
Nina mkataba wa mbali na timu ya Wajapani. Sisomi kanji, lakini mawili nimeyakariri kama alama za barabarani: `停止` ni kusimamisha, `終了` ni kuua. Nikitumiwa picha nafungua konsoli yangu ya Kiingereza ukurasa uleule, naweka pembeni, nahesabu kitu cha ngapi kutoka juu. Imenisaidia mno.

Ndugu_wa_Katanga
Mpaka siku watapobadili mpangilio wa menyu.

Mpemba_Tokyo
Ndiyo, ilishatokea nikahesabu vibaya. Ndiyo maana nikakariri yale mawili.

Dogo_wa_Bekendi
Wakuu, nimerudi. Ruhusa nimepata, ziko tatu kweli, zote Virginia. Kadi ameifungua. Nafuta zote tatu leo jioni?

Kamanda_Kubuntu
Futa. Seva si hakuna?

Mama_Terminali
Subiri! Gigabaiti 41 zimepita humo ndani ya siku kumi. NAT Gateway isiyo na mtu haipitishi gigabaiti 41. Kuna kitu kiko hai. Angalia kwenye CloudWatch kipimo cha `BytesOutToDestination` kwa kila moja, kisha angalia Lambda zilizowekwa ndani ya VPC. Lambda ni msimbo unaokimbia bila wewe kuwasha seva, kwa hiyo haiko kwenye orodha ya seva, na ikitumika kidogo unaweza usiione kwenye bili.

Dogo_wa_Bekendi
…Ipo. Lambda moja inavuta faili kila usiku, imefungwa kwenye subnet moja tu. NAT moja ina data, mbili ni sifuri kabisa. Mteja anasema hiyo Lambda ndiyo inayoleta ripoti za stoo. Ningemzimia ripoti.

Nimefuta mbili zile tupu.

Mama_Terminali
Hukuangalia majedwali ya njia kwanza? Haya, kama hakuna subnet yenye kitu inayoelekea huko, sawa. Anwani za IP umeziachia?

Dogo_wa_Bekendi
Si zinaondoka nazo?

Mama_Terminali
Haziondoki. Ukifuta NAT Gateway, Elastic IP yake inabaki kwenye akaunti. Tangu Februari 2024 kila IPv4 ya umma inalipiwa dola 0.005 kwa saa, itumike isitumike. Kesho kwenye bili utaona mstari mpya, `PublicIPv4:IdleAddress`. Mbili ni senti 24 kwa siku. Ndogo, lakini ndizo zitakazomfanya mteja akutumie tena "Urgent".

Dogo_wa_Bekendi
Nimeziona, mbili hazijashikwa na kitu. Nimeziachia. Kwa kwenda mbele inabaki NAT moja, dola 1.08 kwa siku, na IP yake senti 12.

Sasa mteja kauliza swali sijui nimjibuje: kama eneo lile lenye NAT iliyobaki likizimika, ripoti zitakuja?

Kamanda_Kubuntu
Hazitakuja. Lakini hata zilipokuwa tatu zisingekuja, Lambda yenyewe si iko kwenye subnet moja?

Mama_Terminali
Leo umepatia, Kamanda. Dogo, mwambie hivyo hivyo, halafu achague yeye kama ripoti ya stoo ina thamani ya dola thelathini na sita nyingine kwa mwezi. Mimi kwa ripoti ya usiku nisingelipa.

Ndugu_wa_Katanga
Mwandikie kwa Kiswahili tu, Lubumbashi tunasoma. Na hiyo konsoli usimgeuzie Kiingereza, utampoteza yeye.