Tupeane uzoefu: maswali ya Kiingereza, "did" inaingia lini na inakaa nje lini?

Mwanzisha uzi: Wakuu, nafundisha tuisheni jioni, Kidato cha Tatu na cha Nne. Tukifika kwenye zoezi la kuandika upya sentensi, lile la kuuliza swali ambalo jibu lake ni neno lililopigiwa mstari, darasa linagawanyika. Sentensi ya juzi ni hii:

"Neema sent the letter yesterday."

Mstari ukiwa chini ya "yesterday", wengi wanapata: "When did Neema send the letter?" Ukihamia chini ya "Neema", wanaandika "Who did send the letter yesterday?" au mbaya zaidi, "Who did sent". Nyinyi mlifundishwaje hadi ikakaa? Waliosoma na wanaofundisha, karibuni.

Kijana wa Chalinze: Sisi mwalimu alitupa kanuni moja tu: ukiona "who", "did" usiitie. Nimevuka nayo mtihani. Wape hiyo, wasihangaike.

Bibi Chaki: Mwanangu, kanuni hiyo ina nusu ya ukweli. Chukua "Juma met the headmaster", mstari chini ya "the headmaster". Swali ni "Who did Juma meet?" Hapo "who" ipo na "did" ipo. Sasa chukua "Forty students passed", mstari chini ya "forty". Jibu ni "How many students passed?" Hakuna "who", na "did" haina kazi.

Mimi nimestaafu, lakini darasani nilikuwa naanzia Kiswahili. Wanafunzi waulize swali kwa lugha yao, halafu watazame kiambishi cha mwanzo cha kitenzi. "Nani alituma barua?" Hiyo "a-" ni ya nani? Ni ya huyo anayeulizwa. Basi neno la kuuliza limeshika nafasi ya mtendaji, na sentensi ya Kiingereza inabaki na mpangilio wake: "Who sent the letter?" Ukisema "Neema alituma nini?", "a-" ni ya Neema. Mtendaji tunaye, kinachotafutwa ni kitu kingine, kwa hiyo "did" inaingia kabla ya Neema: "What did Neema send?" Hata "Nini kilianguka?" inafuata njia hiyo. "Ki-" ni ya "nini", basi "What fell?"

Na "did" ikishaingia, imebeba wakati uliopita peke yake, kitenzi kinarudi kwenye umbo la asili. Ndiyo maana "did sent" inakosa.

Ila njia hii haikuambii lolote sentensi ikiwa tayari na "is", "can", "will" au "have" ya kusaidia. Hapo "do" haihitajiki kabisa, kisaidizi chenyewe ndicho kinachohamia mbele: "Where will Neema go?"

Mapokezi Unguja: Hongereni kwa uzi. Mimi niko mapokezi hotelini, na maswali ya adabu ndiyo yanayotusumbua. Mwenzangu mpya huwaambia wageni "Could you tell me where did you leave your bag?" Wanamwelewa, ila msimamizi anamsahihisha kila siku.

Bibi Chaki: Mleta uzi hakuuliza hilo, lakini linahusiana sana. Kuuliza kumeshafanywa na "could you tell me". Kipande cha ndani kinarudi kuwa maelezo, "did" inatoka, na wakati uliopita unarudi kwenye kitenzi: "Could you tell me where you left your bag?" Vivyo hivyo "Where does he live?" ikiingia ndani, "s" ya "does" inarudi: "Do you know where he lives?" Kama ni swali la ndiyo au hapana, weka "if" au "whether".

Kijana wa Chalinze: Lakini si lazima wakati urudi nyuma? Tuliambiwa "lives" inakuwa "lived".

Bibi Chaki: Hiyo ni pale unapomnukuu mtu aliyeuliza jana: "She asked me where he lived." Kwenye "Do you know" unauliza sasa hivi, hakuna sababu ya kurudi nyuma. Na waangalie alama ya mwisho: "Do you know where he lives" inapata alama ya kuuliza, "I wonder where he lives" inapata nukta.

Mwanzisha uzi: Asante mama, kesho naanza na viambishi. Sasa "What is the matter?" ikiingia ndani? Kitabu kimoja cha mazoezi kimejibu "I don't know what is the matter", bila kugeuza.

Bibi Chaki: Wenye lugha wengi husema hivyo hivyo, kwa sababu usemi huo umeganda. Ningempa mtoto alama.

Msahihishaji wa Kanda: Mimi nisingempa kwa urahisi. Zoezi linapima mpangilio, na "what the matter is" nayo ni sahihi. Mwenye mwongozo wa kusahihisha unaotaja sentensi hii auweke hapa.