Ushauri: maswali ya "programu hii itachapisha nini?" kwa mtihani wa karatasi Jumatatu

Mwalimu_Kondele · Ijumaa, saa 1:10 jioni
Wadau, hamjambo. Nafundisha Python mwaka wa kwanza hapa Kisumu. Mtihani ni wa karatasi, Jumatatu asubuhi. Sehemu ya pili ni ya kusoma msimbo: mwanafunzi anapewa mistari michache, anaandika kitakachotokea kwenye skrini. Maswali nimeyatoa kwenye mifano ya mihadhara nikabadilisha nambari. Ninachouliza ni kidogo tu: yapewe alama ngapi? Nimeweka 2 kwa kila mstari wa jibu. Jana sikulala vizuri.

Shangazi_Bungoma · 1:22
Programu kwa karatasi! Ni kama kumpima mvuvi wa Dunga kwa kumwambia achore wavu. Wapeni watoto kompyuta.

Mwalimu_Kondele · 1:25
Shangazi, mashine zinazowaka ni 22, wanafunzi ni 74. Stima nayo haina ahadi.

Ticha_Naka · 1:31
Afadhali umeleta hili. Mimi niko Nakuru, niliuliza `print(10 / 2)`, nusu ya darasa wakaandika 5. Python inatoa 5.0. Niwape?

Kalamu_Nyekundu · 1:40
Ticha, subiri kidogo. Mwalimu wa Kondele, alama haziwezi kupangwa hewani. Leta swali moja pamoja na jibu ulilonalo kwenye mwongozo wa kusahihisha. Na hilo la "nikabadilisha nambari" linanitia shaka. Aliyekariri slaidi atabadilisha nambari hizo hizo bila kuelewa chochote. Kinachotakiwa kubadilika ni njia ambayo msimbo unapita, si tarakimu.

Mwalimu_Kondele · 1:58
Maswali yako sawa, shida yangu ni alama tu.

Kalamu_Nyekundu · 2:01
Leta swali.

Mwalimu_Kondele · 2:19
Haya. Kwenye mhadhara tulikuwa na `b = a`, kisha `b.append(4)`, tukachapisha `a`. Mtihani nimeupanua hivi (nambari si zile za kwenye karatasi):

```python
a = [3, 5]
b = a
c = a[:]
b.append(7)
c.append(9)
b += [1]
print(a)
print(b)
print(c)
```

Mwongozo wangu:

```
[3, 5, 7]
[3, 5, 7, 1]
[3, 5, 9]
```

Mkia_wa_Omena · 2:24
Mimi nimepata njaa.

Jogoo_Kakamega · 2:30
Swali safi, na mwongozo uko sawa. `b += [1]` ni kifupi cha `b = b + [1]`. Inatengeneza listi mpya, `b` inahamia huko, `a` inabaki na `[3, 5, 7]`. Alama 2 kila mstari zinatosha, lala.

Kalamu_Nyekundu · 2:47
Jogoo, usimlaze bado. Ukisema hivyo kwa nambari au kwa maneno, matokeo yatakuwa yale yale. Kwa listi hapana. `b + [1]` hutengeneza listi mpya, na jina `b` likahamia kwake. `b += [1]` huongeza 1 ndani ya listi iliyopo, na kwa kuwa `a` bado inaishika listi hiyo hiyo, `a` nayo inaonyesha 1. Kwa swali lilivyoandikwa, mstari wa kwanza wa jibu ni `[3, 5, 7, 1]`. Mwongozo una kosa. Ukitaka kuhakikisha, weka `print(a is b)` mwishoni. Kwa `+=` utaona `True`, kwa `b = b + [1]` utaona `False`.

Mwalimu, hukuuendesha msimbo huu?

Jogoo_Kakamega · 2:55
Nimejaribu kwenye laptopu sasa hivi. Ni kweli, `[3, 5, 7, 1]`. Miaka yote hii...

Mwalimu_Kondele · 3:06
Mwongozo niliufanya kwa mkono, kama mwanafunzi atakavyofanya. Mwenzangu aliupitia akatia sahihi. Naye nadhani hakuuendesha.

Kalamu_Nyekundu · 3:12
Kufanya kwa mkono ni vizuri ili ujue inachukua dakika ngapi. Lakini jibu la mwongozo linatoka kwa mashine, na msimbo unaoendeshwa ni ule wa kwenye faili la karatasi yenyewe, si ule uliouandika mwanzo. Nakili kutoka faili la mtihani, bandika kwenye Python. Programu za kuandikia barua hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python inakataa. Nafasi za mwanzo wa mstari nazo hupotea, au kitanzi kinakatwa katikati, nusu ukurasa huu, nusu ule. Mwanafunzi akiandika "itatoa hitilafu" kwa sababu ya nukuu zilizopinda, huna cha kumwambia.

Sasa, rekebisha mstari wa 6 kabla ya kurudufu.

Mwalimu_Kondele · 3:40
Ndiyo shida. Zimesharudufiwa. Nakala 74 na za akiba 6, ziko kwenye bahasha.

Kalamu_Nyekundu · 3:42
Basi badilisha mwongozo. Karatasi haina kosa, jibu lako ndilo lenye kosa.

Mwalimu_Kondele · 3:57
Si rahisi hivyo. Kwenye mhadhara wa sita niliwaambia `+=` na `b = b + ...` ni kitu kimoja. Iko kwenye slaidi, kwa wino mwekundu. Mfano wa siku hiyo ulikuwa wa nambari, `x += 1`. Kwa hiyo nimefikiria hivi: nibaki na mwongozo wangu. Mwanafunzi hupimwa kwa alichofundishwa.

Shangazi_Bungoma · 4:03
Ungelitaja hilo saa moja jioni, tungekuwa tumelala.

Kalamu_Nyekundu · 4:15
Hapimwi kwa kosa la mwalimu. Yule msichana aliyefanya mazoezi kwenye laptopu ya kakake anajua ni `[3, 5, 7, 1]`, utamnyima alama kwa kuwa sahihi. Akikata rufaa atathibitisha kwa dakika moja mbele ya kamati. Lakini nakukubalia nusu: aliyeamini slaidi yako naye hastahili kuumia.

Toka hivi. Badilisha mstari wa 6 usomeke `b = b + [1]`. Mwongozo wako wa sasa unakuwa sahihi neno kwa neno, na slaidi haimdanganyi mtu kwenye mstari huo. Watu wawili wenye kalamu wanakata na kuandika upya nakala 80 ndani ya saa moja hivi. Lakini msiguse bahasha kabla ofisi ya mitihani na mwenzako aliyetia sahihi hawajakubali. Wakikataa kufungua, andika marekebisho ubaoni kabla ya kuanza na yaachwe pale mpaka mwisho. Ukiyasema kwa mdomo tu, aliyechelewa matatu hatayasikia.

Na hapo swali linakuwa bora kuliko lilivyokuwa. Angalia mstari wa `a` peke yake:

```
[3, 5, 7]      sahihi
[3, 5]         anadhani b = a hunakili
[3, 5, 7, 1]   anadhani b haiwezi kuiacha a
[3, 5, 7, 9]   anadhani a[:] hainakili
```

Makosa matatu, majibu matatu tofauti. Ukisahihisha unaona mara moja nani amekwama wapi. Sasa tazama mstari wa `b`. Anayedhani `b = a` hunakili naye anapata `[3, 5, 7, 1]`, sawasawa na aliyeelewa. Mstari huo haumtambui, na wewe umeupa alama 2. Ndiyo maana nilikataa kujibu mwanzo. Mimi ningetoa 3 kwa `a`, 1 kwa `b`, 2 kwa `c`.

Jogoo_Kakamega · 4:22
Lakini alama zimeshachapishwa kando ya swali.

Mwalimu_Kondele · 4:24
Zimeandikwa "alama 6" kwa swali zima, mgawanyo uko kwenye mwongozo tu.

Kalamu_Nyekundu · 4:26
Bahati yako.

Jogoo_Kakamega · 4:31
Mimi ningeacha karatasi na kukubali `[3, 5, 7]` na `[3, 5, 7, 1]` yote mawili. Hakuna anayeumia, hakuna kufungua bahasha.

Kalamu_Nyekundu · 4:36
Inawezekana, ila hapo anayedhani `b` haiwezi kuiacha `a` anapata alama zote, kwa bahati. Ni haki kwa darasa, swali ndilo linalopoteza meno.

Bawabu_Mamboleo · 4:48
Jamani mnaliwa mchana kweupe. Mwalimu gani anaweka swali la mtihani mtandaoni siku tatu kabla? Huyu ni mwanafunzi, karatasi imevuja, anataka majibu. Na hadithi inakua kila mkimbana: mara alama, mara mwongozo, mara bahasha, mara slaidi.

Mwalimu_Kondele · 4:53
Mwanafunzi angeomba jibu. Mimi nilikuja nalo.

Bawabu_Mamboleo · 4:55
Ulikuja na jibu baya. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupata zuri: weka lililoharibika, watu wakimbie kukusahihisha. Tazama Kalamu alivyokimbia.

Mkia_wa_Omena · 4:57
😂😂 Kalamu amenaswa na ndoano bila chambo.

Kalamu_Nyekundu · 5:10
Sijui kama ni mwalimu, na sina namna ya kujua. Lakini Bawabu ana hoja ambayo sikuifikiria. Kubadilisha nambari hakufichi swali hili, kwa sababu mtego uko kwenye mstari wa 6. Aliyesoma uzi huu anajua jibu hata kama karatasi imeandikwa `[40, 60]`.

Kwa hiyo mwalimu, kama ni mwalimu: ukiacha `+=`, swali limeshatoka. Ukibadilisha kwa kalamu, nalo limeshatoka, kwa sababu nimeandika majibu yote hapo juu. Kilichobaki ni kuliondoa. Waambie ofisi likatwe, na alama 6 zigawiwe maswali mengine ya sehemu ya pili, au wakuruhusu ubandike lingine juu yake. La kubandika, litoe kwenye mhadhara mwingine kabisa, na usituletee.

Mwalimu_Kondele · 5:21
Kulikata kunamaanisha kuwaeleza kwa nini. Nafikiria bado ile ya kukubali majibu mawili. Wanafunzi wangu hawasomi hapa.

Bawabu_Mamboleo · 5:23
Mmoja wao ndiye aliyeandika uzi.

Shangazi_Bungoma · 5:26
Vyovyote iwavyo, mhadhara unaofuata anza na ile slaidi ya wino mwekundu. Weka `x += 1` upande mmoja na `b += [1]` upande wa pili, waendeshe wenyewe kwenye zile mashine 22.

Mwalimu_Kondele · 5:40
Mwenzangu amejibu. Ameuendesha. Anasema tuonane kesho saa mbili ofisini, nije na bahasha. Sijui atataka nini.

Ticha_Naka · 5:44
Na ile 5.0 yangu?

Kalamu_Nyekundu · 5:49
Maagizo yalisemaje? Kama ni "andika kama itakavyoonekana kwenye skrini", 5 si jibu.

Ticha_Naka · 5:52
Yalisema "toa jibu".

Kalamu_Nyekundu · 5:53
Basi wape.