Intro moja, vipindi 18, mdhamini kabadili nembo: naomba njia ya kurekebisha mara moja tu

Binti_Kihonda

Wakuu habari za jioni. Nimerithi kazi ya kuhariri kipindi cha ufugaji wa kuku, mhariri wa kwanza kahama mji. Natumia Premiere Pro. Projekti ni moja, ndani yake kuna sikwensi 18, kila kipindi na sikwensi yake. Intro ni ya sekunde 12, ina klipu sita hivi, muziki, nembo ya mdhamini, na jina la kipindi cha siku hiyo linalotokea sekunde ya 8 mpaka ya 11 (mfano "Chanjo ya kideri"). Yule ndugu alikuwa anakopi intro nzima na kuipesti kwenye kila sikwensi.

Sasa mdhamini kaleta nembo mpya, na mwenye kipindi anataka pia ile picha ya mwanzo ibadilishwe. Vipindi saba viko hewani tayari, vilivyobaki havijatoka. Nasikia kuna kitu kinaitwa kunesti: ukirekebisha sehemu moja, kwingine kote kunafuata. Je, kinafaa kwa hali yangu wakati jina la kipindi linabadilika kila mara? Nawasilisha.

Mzee wa Fremu

Dada, mbona unajitafutia kazi? Nenda kwenye Project panel, tafuta faili la nembo ya zamani, bofya kulia, chagua `Replace Footage`, mpe faili jipya. Sikwensi zote 18 zinabadilika hapo hapo. Nesti ya nini?

Juma_Sauti

Mimi nipo CapCut ya simu, intro yangu nimeihifadhi kama video kamili kwenye galari, kila nikianza kipindi naichomeka mbele. Jaribu hivyo, ni rahisi mno.

Binti_Kihonda

@Mzee wa Fremu asante, nimefanya hivyo kwenye kopi ya projekti. Nembo imebadilika kweli kote, lakini imekuwa ndogo, inaelea katikati kama stempu. Na ile picha ya mwanzo bado, maana mpya inataka kukatwa kwingine.

@Juma_Sauti kaka, nikiichoma iwe video kamili, jina la kipindi si litabaki lile lile kwenye vipindi vyote?

FundiRukia

Nembo imekuwa ndogo kwa sababu `Replace Footage` inabadilisha faili tu, vipimo vilivyo kwenye klipu vinabaki vya zamani. Kama nembo ya kwanza ilikuwa na upana wa pikseli 2000 na Scale ni 30, kwenye skrini ilikuwa pikseli 600. Ukiweka mpya yenye pikseli 1000, Scale ile ile 30 inakupa 300, nusu. Dawa yake ni kuitengeneza nembo mpya juu ya karatasi yenye vipimo sawasawa na ya zamani ndipo uibadilishe. Kwa hiyo Mzee wa Fremu yuko sahihi kwenye nembo. Kwenye mpangilio wa klipu, yaani ipi inaanza wapi na inakatwa wapi, njia hiyo haifiki, na hapo ndipo nesti inapohitajika.

Kanuni ninayoitumia mimi: kisichobadilika kiingie ndani ya nesti, kinachobadilika kikae nje. Jina la kipindi lisiingie ndani hata kidogo. Nesti zote ni dirisha la kutazama sikwensi ile ile moja, ukiandika "Chanjo ya kideri" humo ndani, vipindi vyote 18 vitakuwa vya kideri.

Fanya hivi. Fungua kipindi ambacho intro yake iko vizuri kuliko vyote, chagua klipu zote za intro isipokuwa jina, bofya kulia, `Nest...`, uipe jina linaloeleweka, mfano `INTRO_KUU`. Itatokea sikwensi mpya kwenye Project panel, na kwenye taimlaini utabaki na kipande kimoja, kawaida cha kijani. Jina la kipindi unaliweka kwenye leya ya juu yake, sekunde ya 8 mpaka 11 kama lilivyokuwa.

Kabla hujaipeleka kwenye vipindi vingine, kuna jambo moja ambalo ukiliruka litakusumbua baadaye: ongeza nafasi. Sikwensi ya ndani isiwe sekunde 12 kamili, ifanye 16. Sekunde 2 za mwanzo na 2 za mwisho ziwe na kitu kinachoendelea, picha ya nyuma au rangi, bila tukio lolote la maana. Kisha iburute `INTRO_KUU` kutoka Project panel mpaka Source Monitor, weka I kwenye sekunde ya 2 na O kwenye fremu ya mwisho kabla ya sekunde ya 14. Hapo umepata sekunde 12 zako, na pembeni kuna akiba. Hata kwenye kipindi hiki ulichoanzia, weka hii badala ya kile kipande cha kwanza, la sivyo intro yake itachelewa sekunde 2. Usipoiacha hiyo akiba, ukitaka intro iyeyukie kwenye picha ya kwanza ya kipindi, programu haina fremu za ziada za kutumia. Itarudia fremu moja iliyoganda, na utaona mistari ya mshazari kwenye kile kipande cha mpito.

Binti_Kihonda

Hapo nimekuelewa Rukia, ubarikiwe. Sasa kwenye vile vingine 10 ambavyo havijatoka, bado nitafungua kimoja kimoja?

FundiRukia

Safari hii ndiyo, huna namna, kwa sababu zile zilizopestiwa hazijui kwamba ni ndugu. Lakini ni kazi ya mara moja. Kila sikwensi: chagua klipu za intro ya zamani, acha jina la kipindi, bonyeza Delete ya kawaida ibaki nafasi tupu. Usitumie ile inayovuta vya mbele kurudi nyuma. Rudisha kichwa mwanzo kabisa, kisha kutoka Source Monitor bonyeza nukta (`.`) uifunike nafasi ile. Kwa kuwa intro ya zamani ni sekunde 12 na hii ni 12, hakuna kitakachosogea huko mbele.

Angalia kitufe cha juu kushoto mwa taimlaini, kile cha kuingiza sikwensi kama nesti au kama klipu moja moja. Kikiwa kimezimwa, intro itaingia vipande vipande, utakuwa umerudi kule kule kwa yule ndugu. Utajua mara moja: ukiona klipu sita badala ya kipande kimoja, rudisha, washa kitufe, anza tena.

Kaka_Edita_Mombasa

Niongeze hapo. Watu husema nesti inarekebisha kila kitu, si kweli. Haisikii habari ya urefu. Mteja wangu aliomba intro itoke sekunde 10 iende 13. Nikarefusha ndani, nikafungua vipindi, kila kimoja bado ni sekunde 10 na nembo ya mwisho imekatwa. Kile kipande cha nje kinabaki na urefu uliokipa siku ile. Ukifupisha ndani ndiyo mbaya zaidi, mwisho unapata weusi na ukimya. Ikabidi nipitie vipindi vyote kuvuta ncha kwa Ripple Edit.

Jambo lingine, ukichomeka kitu mwanzoni mwa ile ya ndani na kusukuma vyote mbele, nje itaonekana intro imechelewa, kwa sababu dirisha liko palepale. Ukibadilisha picha ya mwanzo, ibadilishe ndani ya nafasi yake, urefu ule ule.

Mzee wa Fremu

Sawa, nimekubali nembo ni nembo na intro ni intro. Ila mimi swali langu: huo mstari wa kijani wa mdhamini unapita *juu* ya jina la kipindi au chini? Kwa sababu nimeviona hivyo vipindi, kuna utepe unafagia jina kulitoa. Jina likiwa leya ya juu kabisa, utepe utapita nyuma yake.

Binti_Kihonda

Duh. Ni kweli, utepe unapita juu ya jina sekunde ya 11. Nimejaribu sasa hivi, jina linabaki limesimama mbele ya utepe.

FundiRukia

Jicho la mzee hilo. Basi gawa nesti mbili. `INTRO_CHINI` ina picha na nembo, `INTRO_JUU` ina utepe peke yake. Pasipo na kitu ndani ya nesti panabaki wazi, panaonyesha cha chini, mradi usiweke rangi ya nyuma humo. Kwenye kila kipindi panga hivi: V1 ni `INTRO_CHINI`, V2 ni jina, V3 ni `INTRO_JUU`. Zote mbili zipe urefu sawa, sekunde 16, na I na O zile zile. Ukisogeza utepe kwa fremu tano, vipindi vyote vinafuata na majina hayaguswi.

Salma wa Rangi

Mimi natumia DaVinci Resolve, kwetu ni `New Compound Clip`, na kuirekebisha ni `Open in Timeline`. Tabia ni ile ile. Tahadhari yangu ni rangi: ukipaka rangi juu ya kompaundi kwenye taimlaini, inakaa kwenye kile kipande tu, haitembei kwenda vipindi vingine. Ukitaka itembee, ingia ndani upake klipu zenyewe. Nadhani na kwenye Premiere ni hivyo, efekti ya nje ni ya pale tu.

Kaka_Edita_Mombasa

Ndivyo Salma. Na tena, Binti, siku ukipata mdhamini tofauti kwa kipindi kimoja, usifungue nesti ukabadilisha, utawabadilishia wote. Kukopi kile kipande kwenye taimlaini pia hakusaidii, bado ni sikwensi ile ile. Nenda Project panel, `Duplicate` ile sikwensi, ipe jina jingine, iweke kwenye kipindi hicho pekee.

Binti_Kihonda

Asanteni sana. Vile saba vilivyo hewani YouTube je? Na muziki niuweke ndani au nje? Ukifika mwisho wa intro muziki unaendelea kidogo chini ya sauti ya mtangazaji.

FundiRukia

Vilivyo hewani viache. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili ukabaki na kiungo kile kile, ungepandisha upya na kupoteza watazamaji na maoni yake. Muulize mdhamini kama mkataba wake unagusa vya zamani.

Muziki mimi nauweka ndani, na mkia wake unakaa kwenye zile sekunde 2 za akiba. Kwenye kipindi navuta sehemu ya sauti peke yake, nimeshika Alt, iingie chini ya mtangazaji.

Kaka_Edita_Mombasa

Hapo sikubaliani. Muziki weka nje. Mtangazaji wa kipindi kimoja anaanza mapema, wa kingine anakohoa kwanza, kila kimoja kinataka mkia wake. Na muziki ukiwa ndani sauti yake inakujia imeshachanganywa na ule mlio wa nembo, huwezi kushusha mmoja bila mwingine.

FundiRukia

Na wakibadilisha muziki utafungua vipindi vyote. Kila mtu achague maumivu yake.

Binti_Kihonda

Nitaanza na muziki ndani, mlio wa nembo nje. Yule mhariri wa kwanza aliweka msimu uliopita kwenye projekti nyingine, nikiingiza `INTRO_CHINI` kule itafuata marekebisho ya huku?

Kaka_Edita_Mombasa

Hapana, kule inaingia kama nakala yake yenyewe. Ukirekebisha huku, kule haina habari.