Kuandika upya posti ya utani wa ndani: mabano, kamusi chini, au kuanza upya?

Msafiri_wa_Alfajiri
Wakuu salaam. Nina ukurasa wa utani wa wavukaji wa Kigamboni. Kuna posti moja ya zamani wenyeji wanaipenda sana, sasa nataka kuirudisha juu, ila wageni wameongezeka na hawaambulii kitu. Nimewaza njia tatu: kuweka maelezo kwenye mabano, kuweka kikamusi chini, au kuiandika yote upya. Ipi bora?

Bi_Tatu
Posti yenyewe iko wapi? Unatuuliza dawa na mgonjwa umemficha.

Mchwa
Lipia tangazo tu mkuu, watu watakuja.

Kalamu_Butu
Mchwa, watu wameshakuja. Tatizo wakifika hawacheki. Msafiri, ina utani mingapi? Na ni ya mistari mitano au ya ukurasa mzima?

Msafiri_wa_Alfajiri
Samahani. Hii hapa nzima:

"Leo Mwenyekiti kapanda na viwili. Injinia kimya. Tukauliza, Mwenyekiti akajibu mwenyewe: hali ya hewa. Wote tukageukia Magogoni. Ukikumbuka na ya papai, basi tena."

Likoni_Damu
Viwili nini? Na huyo ni mwenyekiti wa mtaa ama wa chama?

Msafiri_wa_Alfajiri
Si wa mtaa. Ni mama anayepanda pantoni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na stuli yake ya plastiki. Watu tumesimama tumebanana, yeye kakaa. Injinia ni jamaa mmoja (wala si injinia), siku moja alikuja kavaa shati nje-ndani. Alipoulizwa akatazama juu, hakuna hata wingu, akasema "hali ya hewa". Tangu hapo kila kisingizio ni hali ya hewa. Siku ya posti, mama kaja na stuli mbili na Injinia kakalia ya pili.

Bi_Tatu
Haa! Sasa nimecheka. Weka kikamusi chini, mambo yameisha. Mwenyekiti ni fulani, Injinia ni fulani.

Kalamu_Butu
Bi Tatu, umecheka kwa sababu ulisimuliwa, si kwa sababu ulifafanuliwa. Kikamusi kinamfanya mtu asome posti asielewe, ashuke chini, apande tena. Akirudi juu kicheko kimeshapoa. Kinafaa kama ukurasa wa pembeni kwa anayetaka historia, si kwa posti ya mistari mitano.

Mabano nayo yana ubaya wake. Ukiandika "Mwenyekiti (tunamwita hivyo kwa sababu ana kiti)", umetoa jibu kabla ya kitendawili. Likoni hapo juu kaona jina kwanza, akili yake ikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kiti kianze kuonekana, jina lifuate. Msomaji ataunganisha mwenyewe, na hapo ndipo anapocheka.

Mzee_Kobe
Stuli ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Andika kigoda.

Kalamu_Butu
Mzee wangu, ukiandika kigoda mama anakuwa Mwenyekigoda, utani umekufa. Hata stuli haifai. Lazima neno "kiti" lionekane kwa macho.

Likoni_Damu
Na pantoni je? Huku kwetu Likoni ni feri, na watoto wanaelewa.

Mzee_Kobe
Kigamboni ni pantoni tangu hamjazaliwa.

Likoni_Damu
Sawa mzee, lakini mgeni wa Mombasa akisoma pantoni atadhani ni dawa.

Shangazi_Risala
Niwape kisa changu. Ofisini kwetu tulimuaga mzee mmoja aliyestaafu, nikapewa kuandika risala. Sisi tulimwita Saa Sita, na risala nzima niliijaza utani wa ofisini. Kumbe amekuja na mkewe, wakwe na watoto, nusu ya ukumbi hawajui kitu. Nikaona niwasaidie wageni, kila nikisoma utani nasimama, naeleza: "Tulimwita Saa Sita kwa sababu ikifika saa sita mchana hapatikani hadi saa nane." Wenyeji walishazoea, hawakucheka. Wageni wakanyamaza. Mkewe akainua kichwa, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Alikuwa anakwenda wapi?" Mwanangu, ukumbi ule ulikuwa na mafeni manne na yote niliyasikia. Mzee mwenyewe akaangalia soda yake. Nilibakiwa na kurasa mbili na nilizisoma zote.

Kwa hiyo Msafiri, kabla ya kueleza jina la mtu, jiulize ukishalieleza linafungua mlango gani. Huyo mama anajua kwamba anaitwa Mwenyekiti?

Msafiri_wa_Alfajiri
Anajua, anaitika. Injinia ndiye sijamuuliza habari ya shati.

Bi_Tatu
Muulize! Halafu Shangazi, alikuwa anakwenda wapi?

Shangazi_Risala
Sijui hadi leo.

Kalamu_Butu
Nimejaribu:

"Kwenye pantoni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi hakuna pa kukaa, ila kuna mama anapanda na kiti chake cha plastiki. Sisi tumesimama kama viberiti, yeye kakaa. Tunamwita Mwenyekiti. Kuna na Injinia, ambaye siku moja alikuja kavaa shati nje-ndani. Tukamuuliza kulikoni. Akatazama mbingu nyeupe isiyo na wingu, akasema: hali ya hewa.

Leo Mwenyekiti kapanda na viti viwili. Kakalia kimoja. Kwenye cha pili kakaa Injinia, kimya, anatazama maji. Tukauliza, jamani, kulikoni? Mwenyekiti akajibu yeye: hali ya hewa. Wote tukageukia Magogoni."

Angalieni shati na jibu la mwisho vimeachana kwa sentensi kadhaa. Ukivibandika pamoja inakuwa maelezo. Na "tukageukia Magogoni" nimeiacha bila kuigusa. Najua kuna kitu wenyeji wanacheka hapo, lakini mgeni ataona watu wamegeuza nyuso kwa aibu, na sentensi inasimama. Wenyeji nao wabaki na chao.

Msafiri_wa_Alfajiri
Duh. Hapo kwenye Magogoni kweli kuna kitu. Ila papai umelitupa!

Kalamu_Butu
Papai sijui ni nini, na sikuona pa kulipachika.

Msafiri_wa_Alfajiri
Wenyeji wataniua. Ni hivi: kulikuwa na kijana ana papai kwenye mfuko wa rambo, mfuko ukachanika, papai likabingirika hadi miguuni kwa mzee mmoja ambaye alikuwa anaongea na simu anamwambia mtu "nipo Mwenge", sasa kijana akapiga kelele "papai langu la Kigamboni hilo!" na yule wa kwenye simu akasikia, kisha mzee akasema papai ni la jirani yake wa Mwenge, na jina la huyo jirani ndilo lilikuwa pia jina la...

Bi_Tatu
Mh.

Likoni_Damu
Nimesoma mara mbili.

Mchwa
Mfuko wa rambo si walipiga marufuku?

Msafiri_wa_Alfajiri
Ilikuwa lazima muwepo.

Kalamu_Butu
Hapo kwenye simu na "nipo Mwenge" pana posti nyingine nzima. Mengine mwachie jirani.

Bi_Tatu
Mimi bado nasema kikamusi kiwepo, hata kwenye maoni ya kwanza. Mgeni akimkuta Mwenyekiti kwenye posti nyingine atafanyaje?

Kalamu_Butu
Hilo sina jibu zuri. Labda kila posti imwonyeshe na kiti chake japo kwa maneno mawili.

Mzee_Kobe
Kigoda.

Msafiri_wa_Alfajiri
Kesho nikimwona Injinia nitamuuliza kama ya shati naruhusiwa.

Shangazi_Risala
Usimuulize mbele ya Mwenyekiti.