Naomba ushauri: slaidi za mafunzo ya huduma kwa wateja nizigeuzeje kuwa igizo dhima la mpigaji mkorofi?

Bi. Mafunzo

Wakuu, habari za kazi. Ninafundisha wahudumu wapya wa simu. Nina slaidi nzuri tu za mafunzo, lakini wahudumu wakizisoma wanaitikia kwa kichwa, halafu wakipata mpigaji mwenye hasira wanapotea. Nimeamua kuzigeuza ziwe mazungumzo ya kuigiza, mmoja awe mpigaji, mwingine mhudumu, pamoja na majibu ya mfano.

Nimeanza na slaidi inayosema: "Mteja mwenye hasira: 1. Sikiliza. 2. Onyesha kujali. 3. Omba radhi. 4. Toa suluhisho." Nilichopata ni hiki:

Mpigaji: Nimekasirika! Mmenikata malipo mara mbili!
Mhudumu: Pole sana kwa usumbufu. Naelewa unavyojisikia. Tutalishughulikia suala lako.
Mpigaji: Asante sana, umenisaidia.

Wakiigiza hivi hakuna anayejifunza kitu. Mpigaji anatulia kabla hata hajasaidiwa. Nirekebishe wapi?

Karani wa Zamu

Dada, usijisumbue. Andika majibu ya mfano yaliyo sahihi, wayakariri yote neno kwa neno. Kituo chetu tulifanya hivyo, na wakaguzi wa ubora walifurahi kwa sababu kila mhudumu anasema kitu kilekile.

Mzoefu wa Laini

Bi. Mafunzo, umeigiza slaidi yenyewe. Slaidi inataja vitendo vinne, na wewe umempa mhudumu sentensi kwa kila kitendo. Mpigaji hana anachokitaka wala anachokijua, kwa hiyo hana sababu ya kubisha. Kabla ya kuandika neno la mazungumzo, jiulize ni wapi mhudumu mpya huteleza katika simu ya aina hii. Kwa malipo yaliyokatwa mara mbili mimi naona sehemu mbili: sentensi yake ya kwanza baada ya mteja kufoka, na pale mteja anaposema "rudisha sasa hivi". Igizo lako lijengwe juu ya hizo mbili tu. Mambo mengine ya slaidi yaache kwa igizo jingine.

Kisha andika kadi mbili, na kila mwigizaji asome yake peke yake.

Kadi ya mpigaji: Umekatwa malipo ya mwezi mara mbili. Hii ni simu yako ya tatu. Ya kwanza uliambiwa usubiri saa 48, ya pili uliambiwa suala limefungwa. Unataka kujua siku ya kurudishiwa, basi. Unaanza na hasira ya 4 kati ya 5. Inapanda ukiambiwa "tulia", ukitakiwa kueleza upya tangu mwanzo, au ukiombwa radhi mara ya pili bila hatua yoyote kuchukuliwa. Inashuka ngazi moja tu, tena kwa kitendo na si kwa neno tamu: mhudumu akikutajia alichokiona kwenye kumbukumbu zako, au akikupa siku.

Kadi ya mhudumu: Leo ni Jumatatu. Kwenye skrini unaona makato mawili ya tarehe moja, na tiketi moja iliyofungwa bila pesa kurudi. Huna ruhusa ya kurudisha pesa. Unaweza kuifungua tena tiketi na kuipeleka kitengo cha malipo, ambacho hujibu ndani ya siku 3 za kazi. Unaweza pia kumpigia mteja wewe mwenyewe.

Hiyo kanuni ya kushuka ngazi moja usiiache. Wenzetu wanaoigiza wapigaji ni watu wa huruma, wanalainika mapema ili kumsaidia mwenzao. Ukimwona mpigaji anasema "asante" kabla hajapewa siku, simamisha igizo, waanzie hapohapo tena.

Nakuandikia mwanzo:

Mpigaji: Hii ni mara ya tatu napiga! Mmenikata mara mbili, na kila mtu ananiambia nisubiri. Nisubiri mpaka lini?

Jibu dhaifu: Pole sana kwa usumbufu uliojitokeza. Naomba unieleze tatizo lako.
(Hasira inapanda hadi 5: "Nimeshaeleza mara mbili!")

Jibu la mfano: Kupiga mara tatu kwa jambo moja kunachosha, na pesa yako bado haijarudi. Nipe namba ya akaunti nisome walichoandika wenzangu, nisikurudishe mwanzo.
(Hasira inabaki 4, lakini anatoa namba.)

Mhudumu: Ninafungua kumbukumbu zako… Nimeona. Kuna makato mawili ya tarehe moja, na tiketi yako ilifungwa bila pesa kurudishwa. Una haki ya kulalamika. Samahani kwa hilo.
(Inashuka hadi 3.)

Angalia radhi imekaa wapi. Imekuja baada ya mhudumu kujua anaombea radhi kitu gani. Slaidi yako imeiweka namba 3, na hapo iko sawa, ila wahudumu huitoa mwanzoni kwa sababu ndiyo sentensi rahisi kuliko zote.

Malkia wa Subira

Poleni wote. Mimi wapigaji wa namna hiyo wamenitesa sana. Yupo mmoja alinitukana mimi na mama yangu mzazi, nikakata simu, msimamizi akanipa onyo. Sasa mnisaidie, mtu akikutukana unatakiwa ufanye nini? Maana nimeona mada ni wateja wakorofi.

Mkaguzi wa Sauti

Malkia, pole sana. Dada hapa anauliza namna ya kuandika maigizo, lakini umegusa jambo linalokosekana kwenye slaidi nyingi. Mteja anayefoka kuhusu pesa yake ni tofauti na mteja anayekutukana wewe. Wa kwanza unamsikiliza. Wa pili unamwekea mpaka: unamwambia mara moja, kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba unataka kumsaidia na huwezi kuendelea akitumia lugha hiyo. Akirudia, unamtaarifu kwamba unakata simu, unakata, kisha unaandika kilichotokea kwenye kumbukumbu papo hapo. Idadi ya maonyo iwe ile iliyo kwenye utaratibu wa kituo chenu, na kama haimo, dai iandikwe. Bi. Mafunzo, hili liwe igizo la peke yake. Ukilichanganya na la makato, wahudumu watajifunza kumwona kila mwenye hasira kuwa mtukanaji.

Na Karani wa Zamu, nakubaliana nawe nusu. Zipo sentensi za kukariri neno kwa neno: taarifa kwamba simu inarekodiwa, na maswali ya kuhakiki mwenye akaunti. Hapo hakuna kubuni. Lakini jibu la kuonyesha kujali likikaririwa, mteja analitambua, hasa aliyepiga mara tatu na kulisikia mara tatu. Mimi nasikiliza rekodi kila siku. Sentensi moja inayotoka kwa mdundo uleule kwa wahudumu kumi huwa haimtulizi mtu.

Karani wa Zamu

Sawa, ila ukiwaacha waseme wanavyotaka, yupo atakayeahidi visivyowezekana. Ndiyo sababu tuliwakaririsha.

Mzoefu wa Laini

Hofu yako ni ya kweli, Karani, na ndiyo sehemu ya pili ya igizo. Endelea kutoka pale:

Mpigaji: Kama umeona, basi rudisha sasa hivi.

Jibu dhaifu la kwanza: Sawa, itarudi leo.
Jibu dhaifu la pili: Hilo halipo kwenye kitengo changu.

La kwanza linazaa simu ya nne. La pili ni kweli tupu, lakini linamwacha mteja barabarani. Jibu la mfano liwe na vitu vitatu: nisichoweza, ninachofanya sasa, na siku.

Jibu la mfano: Mimi sina ruhusa ya kuirudisha kutoka hapa, kitengo cha malipo ndicho chenye ruhusa. Ninafungua tena tiketi yako sasa hivi na kuambatisha makato yote mawili. Watatoa jibu kufikia Alhamisi jioni. Alhamisi hiyo nitakupigia mimi, jibu liwe limetoka au halijatoka.
(Inashuka hadi 2.)

Mpigaji: Na usipopiga? Hata wale wa kwanza waliahidi.

Mhudumu: Una sababu ya kuuliza. Nakusomea namba ya tiketi uiandike. Ndani yake nimeandika kwamba nimeahidi kukupigia Alhamisi, kwa hiyo yeyote atakayepokea simu yako ataiona ahadi hiyo.

Igizo liishie hapo, mpigaji akiwa bado na hasira ya 2. Usimlazimishe ashukuru. Mhudumu azoee kumaliza simu vizuri na mtu ambaye hajafurahi.

Ukigundua, sikusema "ndani ya siku 3 za kazi". Mteja hahesabu siku za kazi. Simu ikiingia Ijumaa, siku hizo 3 zinafika Jumatano, na yeye ataanza kupiga Jumatatu. Badilisha "Leo ni Jumatatu" kwenye kadi kila mnaporudia igizo, ili mhudumu apige hesabu mwenyewe badala ya kukariri "Alhamisi". Kwa hivyo kadi ya mhudumu ndiyo inayozuia ahadi za uongo, Karani, kwa sababu mipaka ya ruhusa yake imeandikwa mle. Akiahidi kitu kisichomo, mwenzake anayetazama anamsimamisha.

Mkaguzi wa Sauti

Niongeze la ukimya. Mhudumu akifungua kumbukumbu bila kusema kitu, mpigaji mwenye hasira hudhani ameachwa. Ndiyo maana napenda ile "Ninafungua kumbukumbu zako". Katika igizo mpe mhudumu kitu halisi cha kutafuta, hata karatasi tatu zilizochanganywa, ili azoee kuongea huku anatafuta. Na maneno ya mpigaji yachukue kwenye rekodi na malalamiko yenu, ukiondoa majina, namba za simu na za akaunti. Hakuna mteja anayesema "Nimekasirika!" kama kwenye rasimu yako. Husema "hivi mnanionaje?"

Bi. Mafunzo

Nashukuruni sana. Nimeandika upya kadi zote mbili na nimesoma mazungumzo kwa sauti na mwenzangu. Sentensi zangu mbili zilikuwa ndefu mno, mtu hawezi kuzimaliza bila kukatizwa, nimezikata. Igizo la matusi nitaliandika peke yake baada ya kuuliza utaratibu wetu unaruhusu maonyo mangapi.

Limebaki moja. Majibu ya mfano niwape kabla ya kuigiza au baada?

Mzoefu wa Laini

Baada. Waigize kwanza kwa maneno yao, ndipo walinganishe. Ukiwapa kabla, wataigiza karatasi.

Mkaguzi wa Sauti

Hapa natofautiana na mkuu. Mhudumu wa wiki ya kwanza akiingia mikono mitupu mbele ya mpigaji wa hasira ya 4, anaganda, na wenzake wanatazama. Mimi huwapa jibu la mfano la sehemu ya kwanza tu, ile ya "rudisha sasa hivi" naificha.

Malkia wa Subira

Mimi naunga mkono wapewe kabla. Na Bi. Mafunzo, ukimaliza lile la matusi naomba uliweke hapa, nimpelekee msimamizi wangu.