Wauza mapazia wa Dodoma, andikeni vipimo na mpige picha za ukweli! Nimechoka

mama_wa_Ilazo:
Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimehamia Ilazo mwezi uliopita. Sebuleni kuna dirisha moja kubwa, bomba la pazia nimeshafunga, lina mita 2 kamili. Jua la alasiri linaingia lote mpaka kwenye kochi, kwa hiyo nilikuwa natafuta pazia zito. Kuna muuzaji wa hapa hapa mjini ana katalogi kwenye WhatsApp, nikaona pazia la rangi ya maziwa, limejaa marinda kutoka ukutani hadi ukutani. Maelezo yake yote ni haya: "Pazia zito kali sana, mita 3, pande mbili, mzigo mpya." Nikalipa 85,000, boda akaleta usiku. Nikalitundika chini ya taa yangu ya njano, nikalala nimefurahi.

Asubuhi ndiyo nikaona nilichonunua. Ni kijivu! Siyo maziwa, wala siyo karibu na maziwa. Halafu pande mbili nilielewa kila upande mita 3. Kumbe mita 3 ni jumla, kila upande mita 1.5 kitambaa kikiwa kimelazwa. Nikilivuta lifunike bomba lote, marinda yanakuwa mawili matatu, kwingine kitambaa kimekaa kama shuka limeanikwa. Nikarudi kwenye picha yake, nikaikuza, nikahesabu mapindo ya pembeni: dirisha lake limevalishwa pande nne. Ametundika jozi mbili halafu anauza jozi moja, na hajaandika popote!

Na huo uzito? Saa tisa alasiri nimesimama ndani naona mti wa jirani kupitia kwenye pazia. Nimempigia, anasema "mbona picha ni ya pazia hilo hilo dada." Kweli ni hilo hilo. Ndiyo kinachoniuma.

kamera_kali:
Pole sana. Tatizo ni simu zao. Simu ya bei ya chini haiwezi kushika rangi, wauzaji wanunue simu yenye kamera ya megapikseli nyingi haya yataisha.

fundi_Majengo:
Kaka hapo umepata nusu. Simu mbovu inaharibu picha, ila hiyo rangi imeharibiwa na taa. Nashona mapazia tangu kabla ya hizi katalogi, na kijivu ndiyo rangi inayodanganya kuliko zote. Ukikipiga chini ya taa ya njano kinavuta unjano, kinatoka rangi ya maziwa au ugoro. Simu inajaribu kurekebisha yenyewe, lakini duka likiwa na taa ya njano ndani na mwanga wa mlango pembeni, inachanganyikiwa. Megapikseli hata ziwe mia hazitibu hilo.

Mimi nazima taa. Natoa pazia mlangoni saa tatu au saa nne asubuhi, upande wa kivuli. Jua lenyewe la Dodoma silitaki, likipiga moja kwa moja kitambaa kinapauka kwenye picha na nyuzi hazionekani. Nafuta lenzi na kitambaa laini kwanza, vumbi la huku mnalijua, ukungu mwingi mnaouona kwenye picha za watu ni vidole na vumbi tu. Halafu naweka karatasi nyeupe ya daftari ubavuni mwa kitambaa, iingie kwenye picha. Karatasi ikitoka njano au bluu, picha hiyo ni ya uongo, nafuta narudia. Mnunuzi naye anaweza kuomba hivyo hivyo: "nipigie na karatasi nyeupe pembeni." Muuzaji asiye na cha kuficha ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu mita, dada, umeonewa, ila ni lugha ya dukani. Sisi tukisema mita 3 tunamaanisha kitambaa kilicholazwa, jozi nzima. Marinda yakae vizuri yanataka kitambaa mara mbili ya bomba. Bomba lako la mita 2 linataka mita 4. Wewe umepata mara moja na nusu, ndiyo maana limekaa jembamba. Yeye kwa pande nne alikuwa na mita 6. Katalogi yangu kwenye Description naandika hivi: "Jozi moja, pande 2. Kila upande upana mita 1.5 kabla ya marinda, urefu mita 2.4 kutoka kwenye ringi hadi pindo. Linafaa bomba la mita 1.5. Picha ni ya jozi moja." Tangu nianze kuandika hivyo, maswali ya "linatosha dirisha gani" yamepungua sana.

asali_Manyoni:
Hata huku kwetu ipo hiyo. Mteja wa Dar aliniagiza asali "kilo 5" nikamtumia dumu la lita 5, akasema nimempa zaidi. Mwingine akaagiza lita 5, dalali akampelekea kilo 5, akalia kapunjwa, na kweli kapunjwa, maana lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4. Sasa nimeandika yote mawili chini ya picha.

duka_letu_Sabasaba:
Mnatusema sana wauzaji. Mimi nina bidhaa zaidi ya mia kwenye katalogi, nitoe kila moja nje na karatasi? Na nikiandika "linapitisha mwanga kidogo" nani atanunua, wakati jirani kaandika "zito kali"? Wateja wenyewe hawasomi, wanaangalia picha na bei.

fundi_Majengo:
Hilo la jirani ni kweli, sikatai, na sina dawa yake. Kuna wateja nimewakosa kwa kuandika ukweli. Ila huna haja ya kuandika maneno mengi. Bidhaa moja inapokea hadi picha 10. Ya kwanza weka pazia zima limetundikwa. Ya pili weka mkono wako nyuma ya kitambaa, mbele ya dirisha lenye mwanga, upige ukiwa upande wa ndani. Vidole vikihesabika, mteja amejua mwenyewe. Ya tatu tepu ya fundi imelazwa juu ya upana. Kama kuna doa au uzi uliovutika, ya nne ipigwe karibu kabisa. Hapo gusa kitambaa kwenye kioo cha simu kwanza, la sivyo simu inashika ukuta wa nyuma.

mama_wa_Ilazo:
Fundi asante, nimefanya hilo la mkono sasa hivi dirishani. Vidole vyote vitano nimevihesabu, mpaka pete. Nimepiga picha, nimemtumia muuzaji.

Nkuhungu_B:
Dada hilo pazia la kijivu unauza shilingi ngapi? Bomba langu ni mita 1.4, na mimi mwanga kupita hainisumbui, ni la chumbani kwa watoto.

fundi_Majengo:
Kwa mita 1.4 litakaa vizuri, linazidi mara mbili kidogo. Muulize urefu kwanza.

mama_wa_Ilazo:
Siuzi bado, mkuu. Muuzaji amejibu sasa hivi: anakubali nibadilishe, ila boda ya kurudisha nilipe mimi, na ya kuleta lingine nilipe mimi. Kwa nini mimi? Nimemwambia aniandikie kwanza upana wa kila upande na anipigie hilo lingine mlangoni, na karatasi nyeupe. Ameona ujumbe, hajajibu.