Mbwa kang'atwa na nyuki, uso umevimba kama kiboko. Nisubiri au nikimbie mjini?

Mvunaji_Mpunguzi (saa 10:50 jioni)

Wakuu, habari za jioni. Niko Mpunguzi, tunavuna zabibu. Nina mbwa wangu jike anaitwa Shaba, wa kienyeji, miaka mitatu, ana kilo 18. Uzito nina uhakika nao, wiki iliyopita vijana walimpandisha kwenye mizani ya kreti kwa utani.

Kreti zikikaa juani juisi inachuruzika, basi nyuki na nyigu wanajaa. Shaba ana tabia ya kuwarukia na kuwadaka kwa mdomo. Kwenye saa tisa na nusu hivi alilia mara moja tu, akaanza kusugua pua chini. Nusu saa baadaye mdomo wa juu ukatuna, na sasa hivi jicho la kulia limebaki mstari. Lakini anatembea, mkia anatikisa, maji kanywa.

Shemeji anasema nimpe maziwa, jirani anasema nimpake mafuta ya taa. Bodaboda ipo, ila hela ya leo ni ya vibarua. Naombeni ushauri, naogopa asije akanifia usiku.

Ng'ombe_wa_Kongwa (saa 10:58)

Usihangaike mkuu. Mtafute bwana mifugo yeyote hapo kijijini mwenye deksa, amchome sindano moja, na piriton juu yake. Mimi ng'ombe na mbwa wangu wote nawatibu hivyo, kesho uso unakuwa wa kawaida. Mafuta ya taa achana nayo, yatamuunguza ngozi na atayalamba.

Babu_Asali (saa 11:02)

Kijana, nakuomba usiwapulizie dawa hao nyuki. Nyuki wanaokuja kwenye zabibu hawana kundi hapo, wanafuata sukari tu. Funika kreti kwa turubai na uzitoe mapema. Mimi huku Manyoni ndivyo nifanyavyo.

Mvunaji_Mpunguzi (saa 11:04)

Babu shikamoo. Sijauliza habari ya kuua nyuki, naulizia mbwa 😅

Mama_Sirinji (saa 11:09)

Nimefanya kazi ya mifugo Dodoma miaka kumi na nne, mbwa wa namna hii nimewaona wengi. Kabla hujapewa dawa yoyote nijibu haya. Ametapika au kuharisha tangu aumwe? Akipumua unasikia mkoromo? Fizi zake zina rangi gani? Na mfungue mdomo uangalie kama mwiba bado upo. Nyuki huacha mwiba na kifuko chake cha sumu, nacho huendelea kusukuma sumu kwa muda mfupi hata nyuki akiwa ameshaondoka. Nyigu haachi kitu, ila anaweza kukurudia mara tatu nne.

Mvunaji_Mpunguzi (saa 11:17)

Asante dada. Hajatapika wala kuharisha. Hakoromi. Mwiba nimeuona, uko ndani ya mdomo wa juu upande wa kulia, kidude cheusi kama mbegu ya ufuta kimening'inia. Nimeukwangua kwa ukucha umetoka. Fizi ndiyo tatizo, mbwa wangu fizi zote nyeusi tii, nitajuaje zimebadilika?

Mama_Sirinji (saa 11:26)

Wa kienyeji wengi wako hivyo. Vuta kope la chini la lile jicho zima uangalie nyama ya ndani, inatakiwa iwe ya waridi. Au tafuta doa lolote la waridi kwenye fizi au ndani ya mdomo, libonyeze kwa kidole mpaka liwe jeupe, halafu achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, au nyama ya kope ikiwa nyeupe kama karatasi, usisubiri mtu akushauri humu.

Sasa nikuambie jambo ambalo wengi wanalikosea. Huo uso wa kiboko unatisha kuutazama, lakini wenyewe si ndio unaoua. Mbwa aliyevimba uso, anatembea, anapumua kimya, hatapiki, mara nyingi huamka vizuri. Anayenitisha mimi ni yule ambaye hajavimba popote.

Kwa binadamu mzio mkali tumezoea kuona unakaba koo na kifua. Mbwa anapigwa zaidi kwenye ini na utumbo. Mishipa inayotoa damu kwenye ini inabana, damu inatuama tumboni, moyo unabaki hauna cha kusukuma. Ndiyo maana dalili ya kwanza inaweza kuwa kutapika ghafla, kuharisha, wakati mwingine damu, kisha miguu inalegea na anajilaza. Hayo huja haraka, dakika chache mpaka nusu saa hivi baada ya kung'atwa.

Mwaka fulani nililetewa dume kutoka Veyula kwa bajaji. Mwenyewe alikuwa ameshawishika kabisa kwamba mbwa kalishwa sumu na majirani. Kilichotokea, mbwa alilia kwenye maua, baada ya dakika kumi akatapika mara tatu, akajinyea, akaanguka. Mwenyewe akatumia dakika arobaini kumnywesha maziwa na mkaa uliosagwa. Alipofika kwangu fizi nyeupe, mapigo nayatafuta pajani siyapati. Nilimchoma adrenalini, nikawa natafuta mshipa wa dripu, akakata roho mkononi. Mwiba tuliukuta katikati ya vidole vya mguu wa mbele. Uso wake haukuwa na uvimbe hata kidogo.

Ng'ombe_wa_Kongwa (saa 11:31)

Sasa dada, huyo ungempa deksa mapema si angepona?

Mama_Sirinji (saa 11:38)

Hapana. Deksa inachukua saa kadhaa kuonyesha kazi yake, na huyo alikuwa na dakika. Piriton nayo inatuliza uvimbe na muwasho, haipandishi mapigo yaliyoanguka. Mbwa wako wanaamka salama asubuhi kwa sababu wengi wao wangeamka salama hata bila sindano. Aliyezimia anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja, na dripu nyingi haraka.

Mwenye Shaba, ukikutana na bwana mifugo mwambie hivi: ile adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita 1, kipimo ni mililita 0.01 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 18 ni 0.18, yaani kwenye sirinji ya insulini ile yenye mistari 100 ni mstari wa 18. Nimeshaona mtu anavuta kichupa kizima cha mililita moja kwa mbwa mdogo kuliko huyo. Na usimchome wewe kwa sababu tu uso umevimba, hiyo dawa inaupeleka moyo mbio.

Kwa leo, kwa ulivyonieleza, mpe piriton kidonge kimoja cha miligramu 4, na kingine usiku kabla hujalala. Soma boksi, iwe piriton tupu, isiwe dawa ya mafua iliyochanganywa na panado au kitu cha kufungua pua. Panado, diklofenaki na brufeni usimpe kabisa. Maziwa hayana kazi hapo. Mkande na kitambaa cha maji baridi kama atakubali.

Kwa kuwa mwiba ulikuwa mdomoni, lala naye karibu. Ukisikia anakoroma akiwa macho, au anarefusha shingo kutafuta hewa, au anatokwa udenda asiweze kumeza, panda bodaboda hapohapo na upige simu njiani daktari awe tayari.

Binti_Bahi (saa 12:15)

Naomba niingilie. Sisi Bahi tatizo letu ni nge, wanakaa chini ya kuni. Mwezi uliopita mtoto wa mbwa aling'atwa mguuni usiku, alilia mpaka alfajiri, udenda unamtoka, mguu hakanyagi. Bibi akamwekea jiwe la nyoka, asubuhi mzima. Kwa hiyo jiwe linafanya kazi hata kwa nyuki?

Mama_Sirinji (saa 12:24)

Pole mdogo wangu. Maumivu ya nge kwa kawaida hupungua yenyewe ndani ya saa kadhaa mpaka siku moja, na jiwe likapewa sifa. Heri jiwe kuliko wembe, maana wapo wanaochanja. Ila nge hawalingani. Mwenye mkia mnene na magando membamba sumu yake ni kali kuliko mwenye magando makubwa na mkia mwembamba. Kwa mbwa mdogo, ukiona anatetemeka mwili mzima, macho yanachezacheza au anashindwa kusimama, hapo ni daktari, usingoje alfajiri.

Babu_Asali (saa 1:40 usiku)

Nimerudi, safari hii nimesoma vizuri. Mimi nilipoteza mbwa kwa nyuki, na hakufa siku ileile. Kijana wangu alimfunga mnyororo karibu na mizinga, wakachokozwa, wakamvamia akashindwa kukimbia. Tulitoa miiba mpaka tukaacha kuhesabu. Usiku akala uji, tukasema kapona. Kesho yake mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, siku ya tatu akafa. Huo nao ni mzio?

Mama_Sirinji (saa 1:52)

Shikamoo babu. Huo si mzio, ni wingi wa sumu. Mwiba mmoja unaweza kumuua mbwa mwenye mzio, lakini miiba mingi inamuua mbwa yeyote. Sumu inapasua chembe za damu na kuharibu misuli, figo zinaziba, ndiyo hiyo rangi ya chai uliyoiona. Mbwa wa hivyo apelekwe kwenye dripu siku ileile hata kama anakula, kabla mkojo haujabadilika rangi.

Mvunaji_Mpunguzi (kesho yake, saa 1:10 asubuhi)

Mrejesho wakuu. Sijalala, nilikuwa namvuta kope kila baada ya muda mpaka akaanza kunikimbia. Saa nne usiku alitokwa mabonge ubavuni, manyoya yakasimama vishungivishungi, nikashika simu ya bodaboda. Hakutapika, nyama ya kope ikabaki ya waridi, nikamuongezea kile kidonge cha pili. Leo jicho limefunguka, mdomo umebaki na bonge dogo tu kulia.

Swali langu la mwisho: aking'atwa tena itakuwa mbaya zaidi? Ninunue adrenalini nikae nayo?

Ng'ombe_wa_Kongwa (saa 1:25)

Nunua, uiweke. Sisi huku mbali na daktari tusipojitegemea tutafanyaje.

Mama_Sirinji (saa 1:47)

Inaweza kuwa mbaya zaidi, inaweza kuwa hivihivi, hakuna anayeweza kukuahidi. Kukaa nayo sikatai kwa mtu aliye mbali, lakini akuandikie daktari aliyemwona Shaba na akuonyeshe pa kuchoma. Na kichupa hicho kinaharibiwa na jua na joto. Ukikiacha kwenye dirisha la kibanda cha shambani, siku ya shida utakuwa unachoma maji.

Mvunaji_Mpunguzi (saa 2:05)

Nimekuelewa dada, asante sana. Hapa navyoandika kashaanza tena kunusanusa kreti. Nimemfunga kwenye mti mpaka tumalize kupakia.

Babu_Asali (saa 2:09)

Kijana, mfungue. Mpeleke nyumbani.